Siku Tatu za Kulegea

Kama hujawahi kusukwa na mimi, bado hujasukwa. Nasema hivyo bila haya, na wateja wangu watakuambia vilevile. Jina walilonibandika ni Mama Kaza, nami sikulikataa, maana msuko wangu hauchomoki wala hauchakai kabla ya siku zake. Mtu akikaa kwenye kiti changu akaanza kulialia, namwambia ukitaka uzuri sharti udhurike, namwinamisha kichwa, kazi inaendelea. Akiniuliza maumivu yataisha lini, nilikuwa na jibu moja tu kwa miaka ishirini na mbili: siku tatu. Siku ya kwanza utanilaani, ya pili utanisahau, ya tatu utaniletea shoga yako naye asukwe.

Jibu hilo nimeliacha. Nitaeleza kwa nini, na asiyetaka kusikia mtu akijisema vibaya aondoke mapema.

Saluni yangu ni nusu ya fremu moja ya duka. Nusu ya pili, nyuma ya pazia la maua, ni ya wifi yangu, dada wa mume wangu, fundi wa nguo. Anashona sare za shule, magauni ya watu wazima na mashuka ya hospitali. Amemzidi kaka yake miaka minne, amefiwa na mume zamani, na chumba chake kiko uani kwetu. Kwa hiyo tunaamka pamoja, tunafanya kazi pamoja, tunarudi pamoja. Watu husema wifi na wifi hawakai chungu kimoja. Sisi tulikaa, ila chungu kilikuwa kinapiga kelele kutwa nzima. Mimi namwambia magauni yake yanafanya wanawake wafanane na magodoro. Yeye ananiambia mimi nasuka watu kana kwamba nafunga mzigo wa kuni. Siku isipopita hivyo, mume wangu anauliza nani mgonjwa.

Jumamosi ile nilimsuka yeye. Rasta ndogondogo, za kurudi nyuma, ncha nimezichovya kwenye maji ya moto zikakaa sawa. Nilimaliza jioni. Akajitazama kwenye kioo, akageuka kushoto, akageuka kulia.

“Wifi,” akasema, “umenipendezesha. Lakini nikipiga chafya hapa, nyusi zitafika kisogoni.”

“Siku tatu,” nikamjibu.

Jumapili alfajiri aliamka na maumivu ya sikio la kushoto. Si sikio lote, aliniambia, ni ndani kabisa, na nyuma yake kwenye mfupa, kama mtu anayechoma kwa sindano ya moto, anachomoa, anachoma tena. Nikamtazama. Rasta zile zilianzia pembeni mwa uso, zikapita juu ya sikio lilelile, nilipokaza zaidi kwa sababu nywele zake za hapo ni fupi. Nikaona jambo liko wazi. Nikamwambia mstari wa pembeni ndio unaouma siku zote, ameze panadol, avumilie.

Jumatatu hakuweza kula vizuri. Alisema chai haina ladha, nikamwambia chai nimepika mimi kwa hiyo asinitukane. Pale kazini kila nilipowasha drya ya kukaushia nywele alitoka nyuma ya pazia ameziba sikio, ananiomba nizime. Miaka kumi na moja tumekaa na drya hiyo, hajawahi kulalamika. Mara moja nilimwona ameshika ukuta, amefumba macho, akasema sakafu imemzungukia. Nikadhani hajalala, na kweli hakuwa amelala.

Jioni ile, tukiwa tumeshafunga mlango, alinyanyua rasta akanionyesha sikio. Kwenye kile kibakuli cha sikio, na kidogo kuelekea kwenye tundu, palikuwa na malengelenge. Madogo, yamekaa kikundi, yana maji, na ngozi ya chini yake nyekundu.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea kwa ufundi wangu mwenyewe. Mtu mwingine angeona malengelenge sikioni akashtuka. Mimi sikushtuka hata kidogo. Msusi ameshayaona malengelenge ya kila aina. Mistari ikibana sana, vipele vinatoka kwenye mizizi ya nywele. Maji ya moto yakidondoka, ngozi inatunga maji. Nilikuwa na sababu mbili mkononi, zote za kwangu, zote ninazijua. Sikujiuliza mbona ncha zilichovywa Jumamosi na malengelenge yametoka Jumatatu. Sikujiuliza mbona hayako kwenye mizizi ya nywele, yako ndani ya sikio ambako hakuna unywele hata mmoja. Mtu mwingine ningemwonya kwamba anayejiona fundi sana haangalii mara mbili, lakini mimi mwenyewe sikuangalia.

“Nimekuunguza,” nikamwambia, na ilinitoka kwa shida.

Wifi yangu akazirudisha rasta juu ya sikio taratibu. “Basi lisitoke humu ndani,” akasema.

Nilijua anazungumzia nini. Mwaka uliopita mteja mmoja alizunguka mtaa mzima akisema dawa yangu ya nywele imemchubua kichwa. Dawa alijipaka mwenyewe nyumbani, lakini nani anasikiliza? Nusu ya wateja walinihama, na ni cherehani ya wifi iliyotulisha miezi minne. Hakunikumbusha hata siku moja, hata tukigombana. Nikampaka mafuta ya kuungua, tukaenda nyumbani.

Jumanne saa sita mchana alikuja akasimama mbele ya kiti changu. Nilikuwa na mteja. Uso wake ulikuwa wa kijivu kwa maumivu.

“Wifi, nakwenda zahanati.”

Naikumbuka sauti yangu kama naisikia sasa. “Ukawaambie nini? Kwamba umesukwa? Watakucheka mpaka wadondoke. Jumapili, Jumatatu, leo. Kesho asubuhi hutajua hata kama una nywele kichwani.”

Mteja akacheka. Wifi yangu akanitazama, akatazama rundo la sare zilizokuwa zinamsubiri, akarudi nyuma ya pazia. Cherehani ikaanza kulia.

Alikuwa amesimama na mkoba begani. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo, ule mkoba. Alikuwa tayari anakwenda.

Jumatano asubuhi niliisikia pini moja ikidondoka sakafuni, halafu ya pili, halafu nyingi kwa pamoja. Wifi yangu hushona huku ameshika pini kwa midomo, sita au saba kwa mara moja, na anaongea nazo, anacheka nazo, ananitukana nazo. Haijawahi kumdondoka hata moja. Nikavuta pazia.

Alikuwa ameinama anaziokota. Akaziweka tena mdomoni. Zile za kulia zikakaa, za kushoto zikateleza zikadondoka, na mate kidogo yakafuata. Akainua kichwa anitazame, na uso ulikuwa wa watu wawili. Upande wa kulia ulikuwa wake, umeogopa. Upande wa kushoto haukuwa na habari. Mdomo umeshuka, shavu limelala, na jicho liko wazi linanitumbulia tu. Akapepesa. Jicho la kulia likafumba, la kushoto likabaki wazi, mboni ikapanda juu pakaonekana weupe mtupu.

“Mungu wangu,” nikasema. “Nimekuvuta mpaka mshipa umekatika.”

Kweli niliamini hivyo. Nikachukua kitana cha mkia nianze kumfumua palepale. Akanishika mkono.

“Ukifumua sasa hivi, watu waliopo nje wataona, watajua,” akasema, na maneno yenye ba na pa yalimtoka yamepinda. “Nipe kitambaa nijifunge. Twende.”

Akavuta rasta zikafunika sikio, akajifunga kitambaa juu yake. Yeye ndiye aliyekuwa amepinda uso, na bado alikuwa ananilinda mimi.

Nikampigia mume wangu simu, akaja mbio na bodaboda. Alipomwona dada yake akasema neno moja tu, “Kiharusi,” akampandisha, nami nikakaa nyuma yake.

Zahanatini tulikaa kwenye benchi, lakini muuguzi wa mlangoni alipouona uso akatupitisha mbele ya watu wote. Tabibu alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa kitinda mimba wangu. Mimi moyoni nikasema leo tumepatikana. Bwana wee, usimdharau mtu kwa umri wake.

“Shikamoo mama,” alimwambia wifi yangu. “Nyanyua mikono yote miwili. Ishikilie hapo. Fumba macho. Sawa. Nibane vidole. Sukuma mguu huu. Na huu.”

Mikono na miguu ilikuwa na nguvu sawa.

“Sasa pandisha nyusi, kama mtu aliyeshangaa.”

Paji la kulia likakunjamana. La kushoto likabaki laini, kama limepigwa pasi.

“Hiki hakifanani na kiharusi,” akatuambia. Mume wangu akashusha pumzi mpaka nikaisikia. “Kiharusi mara nyingi huacha paji la uso likikunjika. Hapa upande wote umelala, juu mpaka chini. Ni mshipa wa fahamu wa usoni wenyewe.” Akavuta karatasi. “Hali hii huwapata watu wengi, na mara nyingi hatuoni chanzo. Mama, kuna maumivu yoyote? Vipele, vidonda, popote kichwani au mdomoni?”

“Hapana,” akasema wifi yangu.

“Sikio?”

“Linavuta kidogo. Nimesukwa Jumamosi.”

Tabibu akatazama kitambaa, akatazama mlango, ambako watu walikuwa wanakohoa wakisubiri, akaanza kuandika.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha wifi yangu, mahali ninaposimama siku zote, naangalia kichwa chake kutoka juu. Nilijua kilichokuwa chini ya kitambaa. Nilijua vilevile kwamba yule binti akimaliza kuandika tutaondoka, jina langu likiwa safi. Sitakudanganya. Nilitaka amalize. Kwa muda wa mistari miwili ya kalamu yake nilitaka amalize aandike chochote, tutoke. Kisha mate yakamdondoka wifi yangu mapajani, akajifuta haraka kwa kiganja asionekane.

“Daktari, anakudanganya,” nikasema. “Mimi ni msusi. Ni mimi niliyemfanya hivi.”

“Wifi, nyamaza.”

“Sinyamazi! Mficha maradhi kifo humuumbua.” Nikakifungua kitambaa kwa nguvu, nikazishika rasta zote za kushoto, nikazinyanyua. “Nimembana, nikamuunguza na maji. Ana malengelenge tangu juzi jioni. Ana maumivu tangu Jumapili, hajalala siku tatu. Jana alitaka kuja, nikamkataza. Andika hayo.”

Kalamu ikasimama. Binti akainuka, akachukua kitochi cha kuangalia masikio, akainama. Aliangalia nje ya sikio, akaangalia ndani, akamwambia afungue mdomo akaangalia ulimi na kaakaa. Akapiga kidole karibu na sikio hili, karibu na lile, akamuuliza lipi linasikia zaidi. Akamuuliza kizunguzungu, ladha ya chakula, kelele. Kila alichouliza kilikuwa kimepita mbele ya macho yangu tangu Jumatatu: chai, ukuta, drya.

“Utotoni uliwahi kuugua tetekuwanga?”

“Niliugua. Tuliugua wote, na huyu,” akasema wifi yangu, akimwonyesha kaka yake.

“Haya. Tetekuwanga ikipona, virusi vyake haviondoki mwilini. Vinajificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu, vinalala humo miaka na miaka. Siku moja, kwa umri, kwa uchovu, au kinga ikishuka, vinaamka. Vikiamka vinafuata mshipa uleule mpaka kwenye ngozi, na vinauchoma njia nzima. Mama, huu ni mkanda wa jeshi.”

“Mkanda wa jeshi?” Mume wangu akashangaa. “Daktari, mkanda si unafungwa kiunoni? Au mbavuni?”

“Unakaa kwenye mshipa wowote ulikolala. Kwa mama umeamkia kwenye mshipa unaopita ndani ya mfupa nyuma ya sikio. Ndio mshipa unaofumba jicho, unaokunja paji, unaoshika midomo.” Kisha akanigeukia mimi, na macho yake hayakuwa na dharau hata kidogo. “Si msuko, mama. Si maji yako ya moto. Hata angenyoa kipara, ungetokea.”

Mtu angedhani ningefurahi. Nilikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, kwa sababu nilishaanza kuelewa kosa la pili, la kumzuia asije.

“Basi zile siku tatu,” nikasema. “Mimi huwa nawaambia wateja wasubiri siku tatu, nywele zitalegea.”

“Nywele zinalegea,” akasema tabibu. “Huu mshipa umepita kwenye kitundu chembamba cha mfupa. Ukivimba hauna pa kutanukia. Kila siku inayopita unazidi kujibana na kufa. Ndiyo maana dawa hizi tunataka zianze ndani ya siku tatu za mwanzo. Kwenye siku hizo ndiko kuna nafasi kubwa ya uso kurudi.” Akahesabu kwa vidole, polepole. “Maumivu Jumapili. Malengelenge Jumatatu. Uso leo. Tuko ukingoni. Tunaanza leo hii, dozi ya kwanza anameza hapahapa.”

“Na kama angekuja jana?” nikauliza.

Mume wangu akanikanyaga mguu, lakini nilitaka kujua. Binti akanigeukia tena.

“Siwezi kukuapia. Wapo wanaowahi na uso ukabaki na kasoro, wapo wanaochelewa wakapona. Lakini wanaowahi, wengi zaidi hurudi salama. Na kama usingenyanyua hizo nywele sasa hivi, ningempa dawa za uvimbe peke yake, za virusi asingepata. Kwa hiyo umechelewesha, na umewahisha. Yote mawili.”

Alimpima presha na sukari, akachukua na damu ya kupima kinga, akasema hiyo humpima kila mwenye mkanda. Vidonge vya kuzuia virusi, mara tano kwa siku, asiruke hata mara moja. Vingine vya kupunguza uvimbe, vya asubuhi, ameze ameshakula, na asiviache ghafla. Vya maumivu. Halafu akatueleza habari ya jicho, na hapo ndipo alipokuwa mkali kuliko kote. Jicho lisilofumba linakauka, likikauka linachubuka, likichubuka linaweza kupofuka. Matone mchana, kila mara. Usiku mafuta ya macho, kisha kope lishushwe, libandikwe plasta mpaka asubuhi. Likiwa jekundu au likiuma, arudi siku hiyohiyo. Akaandika na barua ya kwenda kwa daktari wa masikio hospitali kubwa.

“Na malengelenge yafunikwe mpaka yakauke,” akamalizia. “Maji yake yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua. Wajawazito na vichanga wakae mbali.”

Dawa za siku zilizobaki tulizifuata duka la dawa. Muuzaji akatuletea kitube cha dawa ya kupaka, akasema virusi ni virusi, hiki ndicho kinachotoka sana. Ah! Alinikuta siku mbaya. Nilimwambia mshipa uko ndani ya mfupa, je, ataupaka kwa kutumia nini? Akatafuta kabatini, vidonge vikapatikana.

Siku iliyofuata niliingia saluni peke yangu. Mteja wa kwanza alikuwa mjamzito, na kanga ambayo wifi alijifutia sikio ilikuwa bado juu ya kiti. Nikasimama mlangoni nikamwambia ukweli: wifi yangu ana mkanda wa jeshi sikioni, umemlaza uso, naye nilimchelewesha mwenyewe, nenda, rudi wiki ijayo nikishafua kila kitu na kusafisha. Kabla ya jua kutua mtaa mzima ulikuwa unajua. Waseme.

Jicho nililibandika mimi. Mume wangu alijaribu mara moja, plasta ikanasa kwenye nyusi. Kila jioni kabla hajalala nilikwenda chumbani kwake, nikamlaza kichwa mapajani pangu, nikaweka mafuta, nikalishusha lile kope kwa kidole cha mwisho, nikabandika. Miaka yote nimeshika kichwa kile nikikivuta. Sasa nilikuwa nakigusa kwa woga. Kwa siku za mwanzo maumivu yalimfanya alie bila sauti, na machozi yalitoka jicho moja tu.

Jioni ya tisa au ya kumi, nikiwa na plasta mkononi, nilimwambia, “Wifi, nisamehe.”

Akavuta shuka mpaka kidevuni.

“Msuko sikulaumu,” akasema. “Sikukulaumu hata nilipodhani ni wewe. Lakini ile Jumanne nilikuwa na mkoba begani. Nilikuambia naumwa, ukamchekesha mteja.” Akafumba jicho la kulia. “Hilo nakulaumu. Bandika.”

Nikabandika. Nilipotoka uani nilikaa kwenye ndoo nikalia mpaka pua ikaziba.

Wiki ya saba jicho lilifumba. Si lote, lilibaki na ufa, lakini plasta ikaanza kupumzika, na baadaye ufa nao ukaziba. Daktari wa macho wa hospitali kubwa akasema kioo cha jicho hakina doa. Paji likaanza kukunjika kidogo. Ladha ya chai ikarudi, akaniambia alikuwa sahihi, chai yangu mbaya. Mlio ndani ya sikio ulibaki, mwembamba, anasema kama cherehani ya jirani. Na mdomo haukurudi wote. Akicheka upande wa kulia unapanda, wa kushoto unafika katikati unakwama. Siku hizi pini anazishika kulia tu, tatu badala ya saba, na wateja wa magauni anawapima akiwa amegeuka kidogo. Anadhani hatuoni.

Rasta zile nilizifumua, nywele zake akakaa nazo fupi, chini ya kilemba, miezi mitano. Sikuthubutu kugusia. Saluni yangu haikufa kama nilivyoogopa, ila ilibadilika. Mtu akisema anaumwa, nashusha kitana namuuliza wapi, tangu lini, nanyanyua nywele naangalia. Wengine wanalalamika kwamba Mama Kaza siku hizi anachelewesha watu. Kweli nachelewesha.

Jumamosi iliyopita, mchana, hakuna mteja, wifi yangu alivuta pazia akatoka. Akavua kilemba. Akakaa kwenye kiti changu.

“Suka,” akasema.

“Nisuke nini?”

“Mimi niliyekaa hapa nauza nyanya? Suka. Rasta, kama zile.”

Nikaosha mikono mara mbili. Nikagawa nywele, nikaanza mstari wa kwanza nyuma, mbali na sikio. Nilisuka polepole, kama mwanafunzi. Tulipofika pembeni kushoto, juu ya sikio lile, nilishika kifungu kidogo, nikaunganisha rasta, nikavuta, si sana.

“Inauma,” akasema.

Niliachia kila kitu. Kitana kilidondoka, rasta ikadondoka. Nikapiga magoti pembeni ya kiti, nikanyanyua nywele, nikalitazama sikio nje na ndani, nikagusa mfupa wa nyuma yake, nikamgeuza uso nimtazame. “Wapi? Imeanza lini? Inachoma au inavuta? Fumba macho nione. Pandisha nyusi. Twende, inuka, mkoba wako uko wapi?”

Hakuinuka. Alifumba macho yote mawili, akayafumbua. Alipandisha nyusi, ya kulia juu, ya kushoto nusu.

“Haiumi,” akasema. “Nilitaka kuona utafanya nini.”

Kisha akacheka, ule mcheko wake wa sasa, upande mmoja. Nilibaki nimepiga magoti, nimemshika shavu lililolala. Akaniacha nilie kidogo. Halafu akanigusa bega, akageuza kichwa chake mwenyewe, akaniletea upande wa kushoto.

“Endelea, wifi,” akasema. “Jioni inakaribia.”